Kutuma kiungo cha Calendly bila kuonekana mvivu: uzoefu wangu

Natumia Calendly, huduma ya mtandaoni ambapo mtu hufungua kiungo chako na kuchagua muda ulio wazi, kupanga vikao na wateja, na lawama moja naisikia mara kwa mara: ukimtumia mtu kiungo ni kama umemwambia ajihudumie mwenyewe. Lawama hiyo ina ukweli, lakini kinachoudhi ni barua pepe yenye kiungo kitupu na maneno "chagua muda hapa". Mpokeaji anafungua ukurasa, anakuta mwezi mzima, kisha anaanza kulinganisha na kalenda yake. Kazi yote umemtupia yeye.

Kilichonisaidia zaidi ni sehemu ya kuweka nafasi ndani ya barua pepe. Ukienda kwenye kushiriki kiungo, unachagua saa chache, unanakili na kubandika. Mpokeaji anaziona humo humo kwenye ujumbe, na akibofya moja anapelekwa moja kwa moja kuithibitisha. Kabla ya kunakili, badilisha saa za eneo ziwe za kwake, kwa sababu saa zilizoandikwa kwenye barua hazijibadilishi kama zile za ukurasani. Jua pia kwamba nafasi hizo hazijashikiliwa: mwingine akiwahi, imekwenda. Kwa hiyo natoa tatu, za siku tofauti.

Hivi karibuni nilihitaji kuzungumza na mhariri ambaye hatukuwa tumewahi kuwasiliana. Nilimwandikia hivi:

"Nimesoma maoni yako kuhusu sura ya pili, na ningeomba dakika 30 tuyajadili. Je, Jumanne saa 4 asubuhi, Jumatano saa 9 alasiri au Alhamisi saa 5 asubuhi, kwa saa za kwako, kuna inayokufaa? Unaweza kubofya mojawapo hapa chini, au unijibu tu na muda unaoupenda, nami nitapanga mwenyewe."

Alijibu kwa maneno, hakubofya chochote. Niliingiza kikao kwa mkono na kumtumia mwaliko. Ile sentensi ya mwisho lazima uitimize kweli. Ukimrudisha mtu kwenye kiungo baada ya kukujibu, umeharibu kila kitu.

Jambo dogo ninalolipenda ni kumjazia fomu mapema kwa kuongeza jina na anwani yake mwishoni mwa kiungo:

```
https://calendly.com/jina-lako/kikao?name=Jina%20Lake&email=yeye@example.com
```

Asipelekewe mtu mwingine kiungo hicho, maana fomu itafunguka ikiwa na jina la wa kwanza. Maswali ya ziada kwenye fomu nimeyaondoa karibu yote. Mtu aliyekubali kuzungumza nawe hapaswi kujaza dodoso.

Kwa ujumla naipa nyota nne kati ya tano. Ila ninapomwomba msaada mtu aliyenizidi cheo au umri, situmi kiungo kabisa: namuuliza ana nafasi lini, au kama ana kiungo chake, na nafuata ratiba yake.