Uzoefu wangu na ramani za kushusha kwenye simu: kisanduku kilikata barabara kuu

Natumia ramani za bila neti kwa miaka mitatu hivi sasa, nilianza na Google Maps baadaye nikaongeza Organic Maps, na leo nikienda safari ndefu siondoki bila kushusha. Lakini safari ya kwanza niliivuruga kwa mikono yangu mwenyewe, na ndiyo nataka kuielezea kwanza maana naona watu wengi wanafanya kosa lilelile bila kujua.

Ilikuwa safari ya kilomita kama 600 kwa gari, shemeji anaendesha, mimi nimeshika simu. Usiku wa kabla ya safari nikaingia Google Maps, nikagusa picha yangu pale juu, nikachagua Offline maps halafu Select your own map. Inakuletea kisanduku juu ya ramani, unakivuta na kukipanua mpaka kifunike eneo unalotaka, na chini inakuandikia kisanduku hicho kinaweza kula hadi MB ngapi. Simu yangu wakati huo ilikuwa imebakiwa na nafasi kidogo sana, picha na video za magrupu zimejaa kila mahali, kwa hiyo nikawa nabana kisanduku kama mtu anayebana matumizi mwisho wa mwezi. Nikakifanya chembamba, kimeshika mji tunaotoka kona moja na mji tunaokwenda kona nyingine, ikasoma hadi MB 380, nikagusa Download nikalala kwa amani.

Sasa barabara kuu hainyooki kama rula jamani. Katikati pale inapinda kuzunguka milima, na ule mpindo ulikuwa nje ya kisanduku changu. Mimi sikuangalia, nilitazama miji miwili tu. Tukatoka alfajiri, saa tatu hivi za mwanzo mambo safi, mtandao upo. Tulipofika sehemu isiyo na mtandao tukasimama kula, nikaifunga njia kwenye simu, tukarudi kwenye gari nikaomba njia upya. Ikatoa njia bila shida yoyote, mstari wa buluu mzuri kabisa, nikamwambia shemeji twende kushoto. Baada ya nusu saa lami imeisha, barabara inazidi kubana, shemeji akaniuliza, "Shem, una uhakika malori yanapita huku?" Nikaangalia saa ya kufika, kumbe imeongezeka karibu saa tatu kuliko ilivyosema asubuhi na mimi sikuona.

Kilichotokea ni hiki. Bila neti, simu inapanga njia kwa barabara ilizonazo ndani ya kisanduku tu. Barabara kuu ilitoka nje ya kisanduku kwa kipande kidogo, kwa hiyo kwa simu yangu ile barabara ilikuwa imekatika, ikatafuta njia nyingine inayobaki ndani, ndiyo ile ya vumbi. Na kama isingekuwepo yoyote ingekataa tu kutoa njia, ambayo ingekuwa afadhali maana ningeshtuka. Kwa hiyo ukiona muda wa kufika au kilomita zimeruka ghafla baada ya mtandao kukata, simama kwanza, kuza ramani uione njia yote, usifuate tu mshale.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla sijashusha chochote naomba njia nikiwa na neti, naiangalia yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, pale inapojipinda napakumbuka, halafu ndiyo nachora kisanduku kikubwa cha kutosha mpindo wote na nafasi ya ziada pembeni, maana barabara inaweza kufungwa ukalazimika kuzunguka. Kwa safari ileile kisanduku kipana kilisoma hadi MB 640, nikaogopa, lakini kilipomaliza kushuka nikaenda kukiangalia kwenye orodha kilikuwa kinakaa MB 410 tu. Yaani ile namba ya mwanzo ni makadirio ya juu, kwangu mara nyingi inakuja chini yake.

Halafu kuna kitu kuhusu ukubwa ambacho nilikielewa vibaya muda mrefu. Nilidhani eneo kubwa ndiyo linakula nafasi. Siyo hivyo, kinachokula ni wingi wa vitu vilivyomo ndani, mitaa, majengo, majina ya maduka, vituo. Nilijaribu siku moja nikaweka kisanduku juu ya pori kubwa tu, namba ikawa ndogo hata sikuamini, nikakisogeza kikafunika jiji moja lenye msongamano, kisanduku kidogo zaidi, namba ikapanda mara mbili na zaidi. Kwa hiyo ule ubanaji wangu wa kwanza haukuwa na maana kubwa, nilikata nyika ambayo uzito wake ni mdogo nikabaki na miji yote miwili ambayo ndiyo mizito. Ukitaka kupunguza MB punguza mji usioupitia, usipunguze pori.

Organic Maps yenyewe haina kisanduku. Inatumia data ya OpenStreetMap, ile ramani ambayo watu wa kujitolea dunia nzima wanaichora, na imegawanywa kwa nchi au mikoa, unaona jina la eneo na MB zake pembeni, unagusa linashuka lote. Kwa mtu kama mimi hii ni raha maana siwezi kukata barabara kwa bahati mbaya, na kama njia inapita kwenye eneo ambalo hujashusha inakuambia ramani ya eneo fulani inakosekana. Pia inakupa njia ya kutembea kwa mguu bila neti, wakati Google Maps bila neti inakupa ya gari tu, ya mguu na baiskeli na usafiri wa umma hazipo. Ila sijaiacha Google Maps, kwa kutafuta jina la hoteli au duka bado naiona ina vitu vingi zaidi. Foleni usitegemee, bila neti hakuna apu itakayokuambia mbele kuna foleni, haiwezi kujua.

Nina zote mbili kwenye simu, pamoja zinachukua karibu GB 1 kwa safari zangu za kawaida. Kama simu yako ya Android ina sehemu ya memori kadi, kwenye setingi za ramani za Google kuna Storage preferences unaweza kuchagua zikae kwenye kadi.

Sasa kuapdeti. Hapa ndipo niliumia mara ya pili, tena kimya kimya. Ramani ya Google uliyoshusha ina tarehe ya kuisha, ukiigusa kwenye orodha unaiona. Siku zikibaki 15 au chini ya hapo inajaribu kujiapdeti yenyewe, lakini ikiwa kwenye waifai, na ndivyo nilivyokuwa nimeiacha, waifai tu. Mimi nyumbani sina waifai, natumia bando la simu mwaka mzima. Kwa hiyo ilikuwa inasubiri waifai ambayo haiji, tarehe ikafika, ramani ikaisha, mimi najua ninayo kumbe sina. Bahati nzuri niligundua nikiwa bado nyumbani. Nilichofanya ni kuomba ndugu yangu awashe hotspoti kwenye simu yake, simu yangu ikaiona kama waifai, nikaenda kwenye ile ramani nikagusa vidoti vitatu nikachagua Update. Unaweza pia kubadilisha setingi iruhusu data ya kawaida, ila hapo angalia bando lako, linaweza kuondoka lote wakati hujui.

Za Organic Maps hazina tarehe ya kuisha, ukishusha zinabaki. Uzuri na ubaya uko hapohapo, maana hakuna kitakachokusukuma. Inakuonyesha tu kwamba kuna toleo jipya na kitufe cha kuapdeti zote, ukipuuza unaendelea na ramani ya mwaka juzi ambayo haijui daraja jipya wala mzunguko uliojengwa. Mimi naapdeti wiki moja kabla ya safari, siyo usiku wa kuamkia safari. Usiku huo ndiyo utakuta neti inasuasua au simu imejaa, na kuapdeti kunahitaji nafasi ya ziada, maana faili jipya linashuka wakati la zamani bado lipo. Ukiwa umebakiwa na MB 100 na ramani yako ni MB 300 utakwama katikati.

Na kama simu imejaa, tafadhali usifanye nilichofanya. Niliingia setingi za simu nikaona apu ya ramani inakula nafasi nyingi, nikagusa Clear storage nikidhani nafuta takataka. Nilifuta ramani zote. Ya kugusa ni Clear cache, ile nyingine inairudisha apu kama mpya. Tena afadhali uanze na video za magrupu.

Usiku wa mwisho najaribu. Nawasha hali ya ndege, natoka nje, nafungua ramani naangalia kama ile doti ya buluu inakuja mahali nilipo. Inakuja, kwa sababu GPS inasoma setilaiti moja kwa moja haihitaji bando, ila bila neti inaweza kuchelewa dakika kadhaa mwanzoni. Kawaida simu inavuta taarifa za setilaiti kupitia mtandao ili iwahi, ukiikatia mtandao inabidi izipokee kutoka kwenye setilaiti zenyewe polepole, na chini ya bati au katikati ya maghorofa ndiyo inateseka zaidi. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika, kumbe nilikuwa nimekaa sebuleni. Doti ikishakaa naomba njia ya safari nzima, nalinganisha kilomita na zile nilizoziona nikiwa na neti. Zikilingana nalala.

Safari ya pili na shemeji ilikuwa njia ileile. Mtandao ulipokata tulifika pale pa kukunja kushoto, simu ikasema nyoosha. Shemeji akapunguza mwendo akaniangalia kwanza mimi, nikamwonyesha skrini, ndipo akakanyaga mafuta.