Dimensity 1080, Helio G99 au Snapdragon 695: ipi ya kurekodia video?

Simu nyingi za bei ya kati hujitangaza kwa kamera ya megapikseli 108. Namba hiyo ni ya kihisi cha kamera. Kinachoamua video itatokaje ni chipu, na habari zake ziko kwenye ukurasa wa vipimo wa kampuni iliyoitengeneza. Kwa mtu anayenunua simu ili arekodi video, chipu hizi tatu nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Dimensity 1080. Kwenye sehemu ya kurekodi imeandikwa 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, na hapo peke yake imeshawashinda wenzake.

Ya pili ni Helio G99, inayoishia 2K kwa fremu 30, au 1080p kwa fremu 60.

Ya tatu ni Snapdragon 695. Watu hushangaa, maana ina 5G na G99 haina. Lakini kwenye mstari wa Video Capture inaishia 1080p kwa fremu 60. Hata ikifungwa kihisi cha megapikseli 108, 4K haitoki, kwa sababu sehemu ya chipu inayobana video haiwezi kuzidi hapo. Msiseme hamkuambiwa! Na mstari wa Video Playback usikuchanganye: huo unahusu kucheza video, si kurekodi.

Kwa upande wa picha, karatasi hiyohiyo ya 695 ina namba mbili. Megapikseli 108 ni kikomo cha picha moja. 32 ndicho kikomo pale kichakata picha kinapofanya kazi fremu 30 kwa sekunde bila kuchelewesha shata. Ndiyo maana ukipiga kwa megapikseli zote simu husita kidogo, na mtoto anayekimbia anakuwa ameshatoka kwenye picha. Mimi huangalia namba ndogo kwanza.

Skrini haitenganishi kitu hapa: zote tatu zinafika FHD+ kwa 120 Hz.

Kumbukumbu ndiyo yenye mtego. G99 na 695 zinatumia LPDDR4X. Ukikuta moja imeandikwa 2133 MHz na nyingine 4266 Mbps, ni kasi ileile, kwa kuwa kila mpigo wa saa hubeba data mara mbili. Dimensity 1080 inakubali LPDDR4X na LPDDR5 pia, na mtengenezaji wa simu ana hiari ya kufunga ile ya bei nafuu. Kwa hiyo karatasi ya chipu inakupa kikomo tu. Aina iliyofungwa itafute kwenye vipimo vya simu yenyewe.

Ukiishika simu mkononi, fungua kamera, ingia mipangilio ya video, utazame orodha ya ukubwa. Kama chipu inafika 4K na orodha inaishia 1080p, mtengenezaji ndiye aliyeipunguza.