Mashine ipi ununue ibaki nyumbani Lubumbashi, ili Wi-Fi ya hoteli itokee kwako

Ukiwa Kolwezi au Kinshasa na unatumia Wi-Fi ya hoteli, mwenye mtandao ule anaweza kuona unafungua tovuti zipi, hata kama maneno yenyewe yamefichwa. Tena benki inaweza kushtuka ikiona umeingia kutoka anwani ngeni. Dawa yake ni kuacha mashine inayowaka nyumbani: simu yako inatuma kila kitu kwake kikiwa kimefungwa, nayo inakitoa kwenye intaneti kupitia laini ya nyumbani.

Kabla ya kutoa hata dola moja, kagua laini yako. Fungua ukurasa wa modemu, usome anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa intaneti, halafu kwenye kompyuta ya hapo nyumbani andika `curl -4 ifconfig.me`. Namba mbili zikitofautiana, mnagawana anwani moja na wateja wengine, na huwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Modemu nyingi za 4G ziko hivyo, na Starlink ya kawaida ya nyumbani pia. Ndiyo maana ruta ndogo za safari zenye WireGuard ndani, programu ya kufunga data njiani, nimeziacha nje ya orodha: ni nzuri, lakini WireGuard tupu inadai anwani ya umma. Zilizobaki nazipima kwa Tailscale, huduma ya kuunganisha mashine zako, ambayo inatumia WireGuard hiyo hiyo ila inajitafutia njia.

Kwetu kinachoamua ni umeme wa SNEL. Nilianza na laptopu ya zamani nikiamini betri yake itaniokoa. Umeme ulikatika usiku, betri ikaisha, na uliporudi laptopu ilibaki imezimika kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubonyeza kitufe. Siku 3 nilikuwa safarini bila njia ya nyumbani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: umeme ukirudi, inajiwasha yenyewe?

1. Kompyuta ndogo ya mezani ya mitumba, kama Dell OptiPlex Micro. Ndani ya BIOS kuna `AC Recovery`. Iweke `Power On`, na itaamka kila umeme unaporudi. Mwombe muuzaji aiwashe, weka mpangilio huo, kisha chomoa waya na uurudishe mbele yake. Chagua yenye SSD.

2. Raspberry Pi 4. Inajiwasha yenyewe na inakula umeme kidogo sana, hivyo ndiyo bora kwa nyumba yenye sola. Udhaifu wake ni kadi ya kumbukumbu, ambayo kukatika kwa ghafla kunaweza kuiharibu. Inunue pamoja na chaja ya volti 5 na ampea 3.

3. Laptopu ya zamani. Inafaa ikiwa kuna mtu nyumbani wa kuiwasha.

4. Simu ya Android isiyotumika. Ni ya kujaribia tu, kwani Android hupenda kuua programu zinazokaa nyuma.

Yoyote utakayochukua, betri ndogo ya akiba inunulie modemu kwanza. Mashine hai yenye modemu iliyokufa haikusaidii chochote.

Ukishaweka Tailscale kwenye mashine na kwenye simu, amri za Linux ni hizi:

```
echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo tailscale up --advertise-exit-node
```

Kisha ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, uiruhusu mashine kwa `Use as exit node`, yaani iwe mlango wako wa kutokea intaneti. Hapo hapo bonyeza `Disable key expiry`. Usipofanya hivyo, ufunguo wake unaisha baada ya siku 180, nawe utadhani mashine imeharibika.

Sasa hesabu giga. Ukitazama video ya GB 1 hotelini, nyumbani GB 1 inaingia na GB 1 nyingine inatoka kuja kwako, yaani GB 2 kwenye kifurushi. Mwenye GB 30 za mwezi akitumia GB 1 kwa siku, zinaisha siku ya 15, na hapo familia haijagusa kitu. Kasi pia inafungwa na upande wa kupakia wa nyumbani: kama ni megabiti 4, Wi-Fi ya hoteli hata ikiwa na 50, wewe utapata 4 au pungufu. Mimi njia ya nyumbani naiwasha kwa benki na barua pepe, video naiacha nje.

Hoteli ikikuonyesha ukurasa wa kuingiza namba ya chumba, zima njia ya nyumbani kwanza, ingia, ndipo uiwashe tena. Ikienda polepole mno, endesha `tailscale ping` na jina la mashine. Ukiona `via DERP`, data inapitia seva ya katikati, na kutoka huku kwetu mzunguko huo ni mrefu.