Wanja wa kununua Nairobi, kuanzia bora hadi wa kuacha dukani

Eastleigh, kwenye duka la manukato na udi, muuzaji aliniwekea kiganjani chupa ya wanja wa manga. "Huu ni asili, dada, hauna kemikali." Chupa yenyewe haizidi kidole gumba, lakini ilinielemea mkono kama imejaa misumari. Nikairudisha.

Jiwe linalosagwa kuwa wanja wa namna hiyo mara nyingi ni galena, yaani risasi, metali nzito yenye sumu, iliyoungana na salfa. Wapo watakaokuambia ni ithmid, na kwamba ithmid ni antimoni, si risasi. Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu mawe yote mawili ni ya kijivu na yanametameta. Hata vile vijiti vya kupimia risasi nyumbani havifai hapa, kwani weusi wa wanja huficha rangi unayotakiwa kuisoma. Jibu la uhakika hutoka maabara.

Mwaka 2011 huko Boston, Marekani, mtoto wa miezi 6 mwenye asili ya Nigeria alikutwa na mikrogramu 13 za risasi katika kila desilita ya damu. Alikuwa akipakwa tiro, wanja wa kwao. Ulipopimwa, asilimia 82.6 ya unga ule ilikuwa risasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inataka mtoto asimeze zaidi ya mikrogramu 2.2 za risasi kwa siku kutoka kwenye chakula. Sasa piga hesabu: miligramu 1 ya unga kama huo, vumbi tu la ncha ya kidole, ina mikrogramu 826. Hicho ni kiwango cha zaidi ya mwaka mzima. Mtoto hufikicha jicho, kisha hunyonya kidole. Machozi nayo hushuka puani na kooni, kwa hiyo hata asiponyonya kidole, baadhi ya wanja humezwa.

Basi, kwa mtu mzima, mimi ninapanga hivi.

Wa kwanza ni wanja wa penseli wenye orodha kamili ya viambato, namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Kwenye orodha tafuta CI 77499, ambayo ni oksidi nyeusi ya chuma. Mamlaka hiyohiyo ya Marekani inapendekeza vipodozi visizidi sehemu 10 za risasi katika milioni. Penseli iliyo kwenye kikomo hicho ina mikrogramu 0.01 kwa kila miligramu. Ilinganishe na zile 826. Angalia pia alama ya KEBS, na usiishie kuitazama, maana stika huchapishwa hata vichochoroni. Tuma SMS yenye SM# ikifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023, uone kama jina linalorudi ni la bidhaa uliyoshika.

Wa pili ni kajali ya kuzungusha, ile laini inayopakwa ndani ya kope. Masharti ni yaleyale, ila naishusha kwa sababu inakaa karibu zaidi na machozi. Usinunue iliyoandikwa tu "haina risasi" bila viambato. Maneno hayo yeyote anaweza kuyachapisha.

Wa tatu ni wa masizi unaopikwa nyumbani kwa taa ya samli au mafuta ya mbarika. Risasi si tatizo lake kubwa, lakini masizi yana uchafu wake wa moshi, na kikopo kinachochovywa na nyumba nzima hueneza ugonjwa wa macho.

Wa mwisho ni unga au jiwe la manga, surma, na chochote cha chupa isiyo na maandishi. Mwenye mimba au anayenyonyesha asiuguse kabisa, kwa kuwa risasi humfikia mtoto.

Na mtoto mchanga? Hakuna nafasi ya kwanza wala ya pili. Machoni asipakwe wanja wowote, hata ule wa penseli. Najua bibi atauliza kuhusu kijicho. Kwetu tulikubaliana na mama mkwe: nukta ya penseli ile ya CI 77499, mgongoni chini ya shingo, mahali mkono wa mtoto haufiki, na inaoshwa jioni.

Kama mtoto tayari amekuwa akipakwa manga, usingoje dalili, kwani mara nyingi hazionekani. Mfute kwa kitambaa chenye maji, muoshe mikono, kisha mwombe daktari kipimo cha risasi kwenye damu, cha mshipani. Marekani hufuatilia kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita. Chupa ifunge kwa utepe ndani ya mfuko, uende nayo ili nayo ipimwe. Usiimwage wala kuipuliza, vumbi hubaki kwenye zulia ambalo mtoto anatambaa.