Konekta za antena: chungulia katikati kabla hujatoa hela

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 35,000 Kariakoo kwa jozi ya antena ndefu za ruta yangu ya 4G. Huku Goba mtandao mzuri uko juu ya tenki la maji, ndani ya nyumba unapata mabaki, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Muuzaji akaniambia, "Dada, hizi zinaingia ruta zote." Hakusema uongo. Ziliingia, zikazunguka laini mpaka mwisho, zikasimama kama pembe za swala. Siku tisa nzima nikawa nalalamikia kampuni ya simu.

Siku ya kumi nikafungua ukurasa wa ruta, sehemu inayoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi kutoka mnarani; namba ikikaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu. Antena zikiwa zimefungwa, -111 dBm. Nikazifungua zote mbili, nikasubiri dakika mbili: -111 dBm. Ruta ina antena zake za ndani, na muda wote huo ilikuwa inafanya kazi kwa hizo. Zile pembe zilikuwa pambo.

Nikachukua tochi ya simu nikamulika ndani ya nati ya antena. Katikati pale nilitegemea kuona pini ya dhahabu nyembamba kama sindano. Nikaona tundu. Nikamulika mdomo wa ruta: tundu pia. Tundu kwa tundu, hakuna kinachogusa kitu, na hesi zinakazana vizuri kabisa kwa sababu hesi za SMA, hii konekta ndogo ya antena ya kuzungusha, na za SMA ya kinyume, ile inayoandikwa RP-SMA, ni zilezile. Kilichogeuzwa ni cha katikati tu.

Kasoro hii ndiyo inayoninyima usingizi, maana wengi walioniandikia wamekwama hapohapo. Wanauliza antena ina nguvu kiasi gani, ina urefu gani, rangi gani. Hawachungulii.

Angalia vitu viwili, cha katikati na hesi, na anza na cha katikati. Ruta ya waifai yenye antena za kufunguka huwa na mdomo wenye hesi kwa nje na pini katikati. Antena yake ina nati yenye hesi kwa ndani, na tundu katikati. Hiyo ndiyo RP-SMA. Ruta za 4G zenye matundu ya antena ya nje kwa kawaida ni SMA ya kawaida: mdomo una hesi kwa nje na tundu katikati, kwa hiyo antena yake inatakiwa iwe na nati yenye pini. Ukikosea kwa upande wa pini kwa pini, afadhali, maana utasikia: mzunguko wa kwanza au wa pili inagoma. Simama hapo. Ukilazimisha kwa koleo utaisukuma pini ya ruta ndani, na hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Ukikosea kwa upande wa tundu kwa tundu hutasikia chochote.

Maneno ya dume na jike yaache dukani. Kwenye SMA ya kawaida, dume ni ile yenye pini. Kwenye RP-SMA watu wanataja jinsia kwa kufuata hesi, kwa hiyo "dume" ana tundu na "jike" ana pini. Ukimwambia muuzaji "nataka dume", kila mmoja wenu ana picha yake kichwani. Sema: "Kaka, nataka nati yenye pini ndani." Au nenda na ruta yenyewe kwenye mfuko.

Ugeuzaji huu haukuja kwa bahati mbaya. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zilitaka vifaa vya aina hii viwe na antena ya kudumu au konekta ya pekee, ili mtu asibandike nyumbani antena kubwa kuliko ile iliyopimwa pamoja na kifaa. Watengenezaji wakageuza pini. Leo konekta hiyo ya pekee inauzwa kwa mafungu.

Sasa upangaji wangu wa tiba, kuanzia iliyo bora. Namba moja ni antena iliyotengenezwa kwa masafa yako, ikiwa na konekta sahihi tangu kiwandani. Kwa 4G, tafuta iliyoandikwa LTE, yenye nati na pini. Wengi wanataka nitaje adapta kwanza, lakini fikiria: antena yenye RP-SMA karibu kila mara ni ya waifai, imekatwa kwa gigahezi 2.4 au 5. Ukiiwekea adapta kwenye ruta ya 4G inayofanya kazi megahezi 800 au 1800, umeunganisha pini lakini umbo la antena bado si la kazi hiyo. Nilijaribu: nikapata -108. Antena ya LTE yenye konekta yake, dirisha lilelile, ikanipa -97.

Namba mbili ni kipande kifupi cha kebo chenye SMA upande mmoja na RP-SMA upande wa pili, kama antena yako ni nzuri na masafa yanalingana. Hapa sifichi upendeleo: nanunua za kampuni ya Amphenol. Pini imekaa katikati sawasawa, nati inazunguka bila kuyumba. Kebo isizidi sentimita 20 kama ni nyembamba, kwa sababu kebo nyembamba ya RG-174 inakula kama desibeli 2 za mawimbi kwa kila mita kwenye waifai ya gigahezi 2.4.

Namba tatu ni adapta kavu ya shaba, isiyo na kebo. Inafaa kwa antena fupi tu. Ndefu inageuka wenzo na kuulegeza mdomo wa ruta. Zile za bei ya chini, za kuuzwa kwa mafungu ya kumi: nimepata moja haina pini kabisa. Basi.

Wenye redio za mkononi wana fujo yao. Baofeng UV-5R ina pini kwenye redio, kwa hiyo antena yake ni ya hesi za nje na tundu. Yaesu na Icom nyingi za SMA ni kinyume chake. Hakikisha kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha, maana kurusha bila antena kugusa kunaweza kuunguza hatua ya mwisho ya redio, ile inayokuza nguvu ya kurusha.

Konekta nyingine utakayokutana nayo ni BNC, ile ya kusukuma na kuzungusha robo, yenye vijino viwili. Kwa redio unayofungua antena kila siku naipenda kuliko SMA, ila kwa waifai ya gigahezi 5 hapana. Tatizo la Kariakoo ni kwamba BNC zilizojaa ni za kamera, omu 75, na redio inataka 50. Mulika ndani: ya omu 50 ina plastiki nyeupe iliyozunguka pini, ya 75 pini imesimama peke yake. Zinaingiliana, na kwa megahezi 145 konekta moja haitakuumiza. Kinachoumiza ni kuuziwa mita 20 za kebo ya kamera pamoja nayo.

Nilirudi na zile antena. Muuzaji akasema, "Dada yangu, si ulizifunga mwenyewe na zikaingia?" Hela hairudi. Akanipa adapta mbili "za bure", nikazimulika palepale kaunta. Zote mbili zilikuwa BNC.