Uzoefu wangu: kuomba KRA wasitishe kumfuatilia mzee wangu mgonjwa, hapa Malindi

Asalaam alaykum wadau, naandika hii kwa wenye wazazi wagonjwa na wamebaki na deni la ushuru, maana sisi tulihangaika sana kabla kuelewa barua inatakiwa isemeje.

Mzee wangu ana miaka 78, zamani alikuwa nahodha, sasa ana vyumba vyake pale Muyeye anavyopangisha, jumla anapata 30,000 kwa mwezi. Hiyo kwa mwaka ni 360,000 kwa hivyo imepita kiwango cha 288,000 kwa mwaka, na ukipita hapo lazima ulipe ushuru wa kodi za nyumba. Mwaka 2023 ilikuwa asilimia 10, yaani 3,000 kila mwezi, kuanzia Januari 2024 ikashuka hadi 7.5 ikawa 2,250. Figo zilifeli mwisho wa 2022 na tangu hapo pesa yote ilienda hospitali. Ritani dada yangu alikuwa akizijaza kwenye iTax kila mwezi kabla ya tarehe 20 lakini malipo hakuna, miaka miwili ikapita hivyo, 36,000 ya 2023 na 27,000 ya 2024, deni lenyewe likawa 63,000 bila adhabu na riba. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 na riba ni asilimia 1 kila mwezi.

Kilichotutia hofu si deni peke yake. KRA kisheria wanaweza kuiandikia benki ikate pesa kwenye akaunti ya mdaiwa, na hata kuwaandikia wapangaji kodi waipeleke kwao moja kwa moja. Sasa fikiria kodi ya mzee izuiwe wiki moja tu, nauli ya kwenda kwenye mashine itoke wapi? Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, kila mara masaa manne kitini, akikosa siku mbili tatu maji yanajaa mwilini na pumzi inakata.

Barua ya kwanza tuliandikiwa na wakala mmoja wa mjini, akachukua pesa yake, ukurasa mzima ni "tunaomba huruma yenu" na "mzee ni mgonjwa mahututi", hakuna hesabu, hakuna ombi lenyewe ni nini. Jibu likaja kutaka ushahidi na pendekezo la malipo. Na kusema kweli walikuwa na haki, afisa akisoma vile atafanya nini? Hajui unataka ufutiwe, upewe muda, au unapinga deni. Hayo ni mambo matatu tofauti. Ukiona deni lenyewe si sahihi, hapo ni kupinga rasmi ndani ya siku 30 tangu upate notisi ya makadirio, barua ya ugonjwa haisimami badala ya hilo. Sisi deni tulilikubali, tulichotaka ni muda, na sheria inaruhusu, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kifungu cha 33, unaomba kwa maandishi uongezewe muda au ulipe kidogo kidogo, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30.

Barua ya pili niliandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Juu PIN ya mzee, aina ya ushuru na miezi inayohusika. Halafu ombi kwa sentensi mbili: tunaomba miezi 6, ndani ya hiyo miezi msitoe notisi kwa benki wala kwa wapangaji, na sisi tutalipa 2,000 kila tarehe 10, miezi hiyo 6 ikiisha tutaleta ripoti mpya ya daktari na hesabu mpya. Hiyo ya benki na wapangaji andikeni waziwazi, msidhani barua ikishapokelewa basi kila kitu kimesimama, mpaka upate jibu la maandishi wewe bado ni mdaiwa kama wengine.

Kwenye ushahidi wa hospitali ndio watu wengi wanakwama. Barua tuliyopewa mwanzo ilisema tu "mgonjwa wetu anaendelea na matibabu", hiyo hata mwenye malaria anapewa. Nikarudi kliniki nikamwomba daktari kwa adabu, nikamwambia, daktari, atakayesoma hii barua si mtu wa hospitali, mwandikie aelewe. Akaandika vizuri: figo zimefeli steji ya 5, tangu lini, anasafishwa damu mara ngapi, matibabu hayana tarehe ya kuisha isipokuwa apandikizwe figo, na hawezi kufanya kazi wala kufuatilia mambo yake mwenyewe. Sahihi, tarehe, stempu. Basi, hiyo moja ilitosha, faili zima la vipimo nililiacha nyumbani, mambo ya mwili wa mzee si ya kusambazwa afisini.

Ukurasa wa pili ulikuwa hesabu. Kodi inayoingia 30,000. Ushuru wa mwezi huu wenyewe 2,250, huu lazima uendelee kulipwa kwa sababu hawawezi kukupa nafasi ya deni la zamani huku unatengeneza jipya. Dawa 9,000, tuktuk ya hospitali 3,200, anayemsaidia kuoga na kumshika njiani 8,000, chakula na umeme na maji 5,000. Inabaki 2,550. Kaka yangu alitaka tuandike tutalipa 5,000 ili tuonekane tuko siriasi, tukabishana sana, mimi nikakataa kabisa, kwa sababu ukikubaliwa halafu ukakosa awamu moja wanaweza kukudai deni lote kwa mpigo, na hesabu yako mwenyewe inakusuta. Pia usishuke chini ya riba. Asilimia 1 ya 63,000 ni 630 kwa mwezi, ukiahidi 500 deni linakua huku unalipa. Kwa 2,000 tunatoa 12,000 ndani ya miezi 6 na riba ya muda huo haifiki 3,800, kwa hivyo deni linashuka kweli, hata kama ni polepole.

Kitu kingine, mimi si mwenye PIN, kwa hivyo niliambatisha barua ya mzee ya kuniruhusu nimsemee pamoja na kopi za vitambulisho. Aliweka dole gumba mkono wa kulia, wa kushoto ndio wenye mshipa wa mashine na hautakiwi kubanwa wala kuvutwa, akaniambia "mwanangu andika kwamba nalipa, usiandike kwamba sina." Nikaandika hivyo.

Barua nilipeleka mkononi nikabaki na kopi yenye stempu ya kupokelewa, na nyingine kwa imeili. Jibu lilikuja kwa maandishi ndani ya muda, wamekubali 2,000 kwa miezi 6, masharti ni ritani ziwe sawa na ushuru wa kila mwezi usikosekane. Afisa aliyetuhudumia alikuwa mstaarabu, alimuuliza mzee hali kwanza ndio akafungua kompyuta, kwa huduma hiyo mimi nampa alama zote.

Ila mjue mipaka yake. Riba haikusimama hata mwezi mmoja, inahesabiwa tangu siku deni lilipotakiwa, kupewa muda si kusamehewa. Ule msamaha wa adhabu na riba kwa waliolipa deni lenyewe uliisha 30 Juni 2025, kwa hivyo msidanganywe na mawakala wanaouuza mpaka leo. Malipo unatoa PRN, yaani namba ya malipo, kwenye iTax halafu unalipa Paybill 222222, akaunti ni hiyo PRN, kila awamu na PRN yake, na risiti mimi nazichapisha naziweka pamoja na kadi ya kliniki.

Mpangaji mmoja ameshasema anahama, na 2,000 bila kodi yake haitatoka. Nimeanza kuandika barua nyingine wiki hii, kabla ya tarehe 10, na hesabu mpya ya kodi iliyopungua.