Kinasa sauti kilichomeza “ha”: uzoefu wangu wa miaka 3 na mashine ya mahojiano

Ninaandika kuhusu kinasa sauti kidogo cha mkononi, kile chenye maikrofoni 2 kichwani, betri 2 nyembamba za AAA na kadi ndogo ya kumbukumbu ubavuni. Nimefanyia nacho mahojiano ya habari kwa miaka 3. Sauti yake ni safi, betri zinadumu, na nikikiweka mezani mhojiwa anakizoea baada ya dakika chache. Bado nakitumia kila wiki. Ila kuna siku nukuu yangu ilipingwa, na rekodi yenyewe ikatoa ushahidi dhidi yangu. Kisa hicho ndicho kilichonifundisha kukitumia, na sikukisoma kwenye kitabu cha maelekezo.

Nilikuwa nimemhoji mkurugenzi wa kampuni moja kuhusu malimbikizo ya mishahara ya vibarua. Nilimuuliza watu hao walipwe lini. Akajibu, “Hatutawalipa mwaka huu.” Niliandika maneno hayo kwenye daftari palepale, ndani ya alama za nukuu, na habari ikatoka nayo. Siku 2 baadaye akampigia mhariri wangu simu akiwa amekasirika. Alidai alisema, “Tutawalipa mwaka huu.” Mhariri hakubishana naye. Aliniambia, “Lete rekodi.”

Nilivaa spika za masikioni nikiwa na uhakika wangu wote. Kwenye faili, sauti ya mkurugenzi, wazi kabisa, ilisema: “Tutawalipa mwaka huu.” Nilirudia mara 5. Kila mara, tutawalipa.

Msemaji wa Kiswahili anajua hatari iliyopo hapo. Katika wakati ujao, ahadi na kukataa vinatofautiana kwa silabi moja tu, nayo inakaa mwanzoni kabisa mwa neno: tutawalipa, hatutawalipa. Silabi hiyo “ha” ni pumzi tu, haina kishindo cha “t” wala “k”. Na mashine yangu ilikuwa imenijia ikiwa imewashwa kitu kinachoandikwa `VOR` kwenye skrini, yaani kurekodi kwa kuamshwa na sauti. Pakiwa kimya, inasimama. Mtu akianza kusema, inaamka. Lakini haiamki kabla sauti haijafika kiwango fulani, kwa hiyo kipande cha kwanza cha sentensi kinapotea, na mtu anayeanza taratibu baada ya kufikiri ndiye anayepoteza zaidi. Mkurugenzi alikuwa amenyamaza muda mrefu kabla ya kujibu swali hilo.

Nilijuaje kwamba ni mashine, na si kumbukumbu yangu? Urefu wa faili ndio uliotangulia kuniambia. Daftari lilionyesha tulianza saa 4:12 asubuhi na kumaliza saa 4:59, dakika 47. Faili lilikuwa na dakika 38 na ushei. Karibu dakika 9 hazikuwemo, zote za ukimya uliorukwa. Kisha nikasikiliza mianzo ya sentensi baada ya kila kituo: hata maswali yangu mwenyewe yalikuwa yamekatwa vichwa. “Kwa nini” ilisikika “nini”. Mwisho nikasikiliza yaliyofuata nukuu ile. Nilikuwa nimeuliza, “Kwa nini msiwalipe?” naye akajibu kwamba bajeti ya mwaka imeshafungwa. Mtu aliyeahidi kulipa asingeulizwa swali hilo, wala asingelijibu hivyo.

Mhariri alimwita, tukamchezea dakika 3 kabla na 3 baada ya sentensi ile, tukamwonyesha ukurasa wa daftari. Aliomba tena kusikiliza jibu lake la bajeti, kisha akasema basi, iachwe ilivyo. Lakini nataka wenzangu waone jinsi tulivyokuwa karibu na shimo. Kama angetaka kushtaki, wakili wake angeshika dakika 9 zilizokosekana na kuuliza nilikata nini. Jibu la kwamba mashine iliruka ukimya ni la kweli, ila linasikika kama kisingizio.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa yeyote anayenunua mashine ya aina hii: ingia kwenye menyu, zima `VOR`, kisha fanya jaribio. Anza kurekodi, kaa kimya dakika 1 nzima, sema “hatutakuja” kwa sauti ya chini, zima. Faili liwe na dakika 1 na zaidi, na “ha” isikike. Rudia kila unaporudisha mipangilio ya kiwandani, maana inaweza kurudi yenyewe ikiwa imewashwa.

Kasoro ya pili ni kitufe cha `REC`. Kwenye mashine yangu, ukikibonyeza mara moja taa nyekundu inawakawaka, na hiyo ni kusubiri tu, haijaanza kunasa. Mpaka ubonyeze tena, taa itulie, na tarakimu za muda zianze kutembea. Nimekosa mwanzo wa mahojiano mawili kwa sababu hiyo. Sasa siangalii taa, naangalia tarakimu. Zikishatembea, nasukuma swichi ya `HOLD` ili kidole kisije kikazima katikati.

Umbo la faili ninalochagua ni WAV ya mono, 44.1 kHz na biti 16. Inakula takriban MB 5 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba karibu saa 100. MP3 ingetosha kabisa kwa kusikika. Naipenda WAV kwa sababu sauti haijabanwa, na kukiwa na neno la kubishania sitaki nibishane pia na ubanaji. Mashine naiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mhojiwa kuliko nilivyo mimi. Ikikaa juu ya meza tupu, kila mgongano wa kalamu na kikombe unaingia kama ngumi.

Sasa ruhusa. Naomba mara 2. Mara ya kwanza mashine ikiwa imezimwa lakini inaonekana, nimweleze narekodi kwa ajili gani. Akikubali nawasha, nasema tarehe, saa, mahali na majina yetu, halafu namuuliza tena: “Umeniruhusu nirekodi mazungumzo haya, na nitumie maneno yako kwa jina lako?” Kisha nasubiri. Wengi wanatikisa kichwa, na kichwa hakisikiki kwenye rekodi, kwa hiyo namwomba kwa upole aseme. Maneno “kwa jina lako” sikuyaweka tangu mwanzo. Niliyaongeza baada ya mama mmoja kuniambia, kwa haki yake, kwamba alikubali kurekodiwa, hakukubali kutajwa. Hizo ni ruhusa 2 tofauti.

Akisema katikati, “Hili zima kwanza mwanangu,” nazima. Naandika saa kwenye daftari. Nikiwasha tena nasema kwa sauti: tumesimama tangu saa fulani, kwa ombi la mhojiwa, sasa tunaendelea, na yeye athibitishe. Bila sentensi hiyo, pengo linabaki bila maelezo. Na yale ya “usiandike hili” tunakubaliana kabla hayajasemwa. Akishasema ndipo akaomba, hilo linakuwa jambo la kuzungumza, si haki yake moja kwa moja, nami humweleza hivyo palepale. Kwa simu nafanya vilevile na kila aliyeko kwenye laini, kwa kuwa sheria zinatofautiana: kwingine ridhaa ya mmoja wa wazungumzaji inatosha, kwingine lazima wote wakubali, na hujui mwenzako ameketi wapi.

Daftari halikustaafu mashine ilipokuja. Nina kanuni moja tu, na naishika kwa ukali: alama za nukuu zinazunguka maneno niliyoyasikia kama yalivyo, basi. Nikifupisha, hakuna alama. Pembeni naandika saa ya ukutani. “Hatutawalipa” ilikuwa na 4:41 pembeni, na ndiyo iliyonionyesha pa kutafuta, ingawa kwenye faili lililorukwa iliangukia dakika ya 23 badala ya 29. Jambo moja linalotuhusu sisi hasa: mashine inasoma 10:12, mimi nimeandika 4:12. Mtu asiyehesabu saa kwa Kiswahili ataona hitilafu ya saa 6. Siku hizi juu ya kila mahojiano naandika zote mbili.

Kuna kesi inayoonyesha uzito wa hayo yote, ya Masson, mhojiwa aliyeshtaki kwa nukuu alizowekewa mdomoni, dhidi ya jarida la New Yorker huko Marekani. Mwandishi alikuwa na zaidi ya saa 40 za kanda, lakini baadhi ya nukuu zilizopingwa hazikuwemo kwenye kanda hizo. Alisema zilitoka kwenye daftari. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kubadili maneno ndani ya nukuu kwa kujua hakutoshi peke yake kumtia mwandishi hatiani, ila badiliko liwe limegeuza maana kwa kiasi kikubwa. Nikiisoma kesi hiyo nawaza silabi yangu. Kurekebisha “aah” na kigugumizi hakumdhuru mtu. “Ha” moja inageuza maana yote.

Nikirudi ofisini, nanakili faili lilivyo bila kulikata wala kulisafisha, nikihitaji kusafisha nafanya kwenye nakala. Kisha kwenye kompyuta napiga alama ya vidole vya faili, yaani namba ndefu inayobadilika faili likiguswa hata kidogo:

```
sha256sum 250314_1012.wav > 250314_1012.sha256
```

Baadaye, mtu akisema nimelichezea, nafungua folda yenye mafaili hayo mawili na kuandika:

```
sha256sum -c 250314_1012.sha256
```

Ikijibu `OK`, halijaguswa tangu siku ile. Haithibitishi kwamba sikuligusa kabla ya hapo, kwa hiyo naipiga siku hiyohiyo na kumtumia mhariri ile namba ndefu kwa barua pepe, ili tarehe iwe mikononi mwa mtu mwingine.

Kasoro ya mwisho nimeizoea ila sijaisamehe. Ukitoa betri kwa dakika kadhaa, saa ya mashine inarudi nyuma miaka mingi, na faili jipya linabeba tarehe ya uongo. Skrini inaonyesha, lakini kwa herufi ndogo mno. Mara moja niligundua nikiwa nimeshaondoka kwa mhojiwa. Faili lilipona kwa sababu mwanzoni mwake sauti yangu ilikuwa imetaja tarehe, na yeye akasikika akisema ndiyo, leo ni Alhamisi.